Nyumba ya Ukurasa wa Kwanza

Nianze na kosa langu, maana kila mtu hapa Yasenovo Mpya analijua tayari na sina sababu ya kuzungukazunguka. Nilifuta maneno manne. Maneno yenyewe yalikuwa haya: Picha mbili zimeunganishwa pamoja.

Tihomir, fundi umeme wetu ambaye pia ndiye mpiga picha wa jarida ninalohariri, aliyaandika mwenyewe chini ya picha aliponitumia. Nilipoyaweka kwenye ukurasa, maelezo yakaingia mstari wa pili, na mstari wa pili ukapanda juu ya ukuta wa kanisa pichani. Nikaona yanachafua. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, nikiwakata watoto alama kwa sababu wameandika jibu bila kuonyesha njia, halafu mimi mwenyewe nikafuta njia nikabakiza jibu. Chini ya picha nikaacha haya tu: "Yasenovo yetu yatoka majini, Septemba mwaka huu."

Na kweli ilikuwa imetoka, kwa kiasi fulani. Kijiji cha zamani kilizamishwa mwaka wa hamsini na nane, bwawa lilipojazwa, na sisi tukaletwa huku, kilomita arobaini mbali, kwenye nyumba zilizopangwa kama madawati. Mwaka huu mvua ilikosekana kuanzia masika, na maji yakashuka hadi mnara wa kanisa ukasimama nje mzima. Barabara ya huko imefungwa kwa mawe siku nyingi, kwa hiyo hakuna aliyekwenda ila Tihomir na pikipiki yake. Alipanda kilima cha kanisa dogo, akasimama palepale aliposimama mwalimu wa shule mwaka wa hamsini na nane na kamera yake ya sanduku, akapiga. Kisha nyumbani akaichukua picha ya zamani, akailaza juu ya mpya, akalinganisha mnara na mnara, mgongo wa mlima na mgongo wa mlima, akafuta pasipohitajika na kuzipaka rangi nyumba za Mtaa wa Chini mpaka zikakaa kwenye tope la leo kana kwamba hazijawahi kuondoka.

Nilipoifungua mara ya kwanza nililia. Nasema hivyo si kwa kujitetea. Nilizaliwa kule lakini nilitolewa nikiwa na miaka mitatu, sikumbuki kitu, na hapo mbele yangu kulikuwa na mapaa, mabaraza, kamba ya nguo, moshi. Ndiyo maana sikutaka maneno yoyote yaiguse.

Jarida letu ni kurasa nane, nakala mia mbili na arobaini, mara nne kwa mwaka. Kwa kawaida nikilitoa napata simu mbili: moja ya kunisahihisha jina la mtu, nyingine ya kuuliza kwa nini tanzia ya marehemu fulani imewekwa ukurasa wa nyuma. Safari hii simu haikunyamaza. Watu walilia kwenye simu. Mwanamume mmoja wa mjini Burgas, ambaye hajalipa ada ya chama chetu cha wanakijiji tangu sarafu ya zamani, alinishukuru akashindwa kumaliza sentensi. Nikajiona nimefanya jambo kubwa maishani mwangu.

Siku ya tatu akaja Shangazi Nedelya.

Ana miaka themanini na mitatu na anatembelea kile kiegemeo cha magurudumu. Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa dakika tano, yeye alitumia nusu saa, na alipofika hakukaa. Alilitandaza jarida juu ya meza yangu, juu ya pilipili nilizokuwa nazimenya.

"Soma hapa," akaniambia.

"Shangazi, hapo hakuna maandishi, ni picha."

"Basi isome picha. Nyumba ya tatu kutoka darajani. Hilo baraza la nani?"

Nikainama. Baraza la mbao, madirisha mawili, mlango wa upinde wa jiwe.

"La kwenu?"

"La kwetu! La baba yangu Manol! Limesimama! Miaka sitini na mitatu yule mfuga nyuki Spas ananiambia, 'Nyumba yenu ilivunjwa, vigae nilibeba mwenyewe, wewe umerogwa na barua.' Mwambie aje aone. Mwambie avae miwani."

Habari ya barua tunaijua sote. Mwaka ule wa kuhama, Nedelya alikuwa na miaka ishirini na alilazwa hospitali ya kifua kule milimani, miezi minane. Watu wa kijiji walibomoa nyumba zao wenyewe wakaondoka na mbao na vigae, kwa sababu serikali iliwapa kiwanja, haikuwapa paa. Baba yake alimwandikia barua moja tu, na Nedelya anaijua kwa moyo: "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Nyumba nimeiacha kama ulivyoiacha, na maji ya uani bado yanatoka. Pona." Manol alifariki kabla binti hajatoka hospitali. Nedelya akashuka kutoka milimani akakuta kaburi jipya, kijiji kipya, na kule chini ziwa. Tangu hapo anasema nyumba yao ndiyo pekee iliyozama ikiwa nzima, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Nimempigia simu Yordanka," akasema. Yordanka ni bintiye wa Burgas. "Jumamosi anakuja na watoto wote. Wajukuu wanatoka Ujerumani, wamekata tiketi. Tihomir atatupeleka na gari la chama. Nitasimama mlangoni kwa baba yangu, Evdokia, na hawa watoto ambao wanadhani bibi yao ni mtu wa ndoto wataona."

Mkono wake ulikuwa umelala juu ya picha, na kidole gumba kilikuwa kinasugua ule mlango taratibu. Nilitakiwa kusema palepale. Badala yake nikamuuliza kama atakunywa kahawa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani nanunua mtindi, na Kaka Spas, mfuga nyuki, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na jarida magotini. Kaka Spas ni mtu wa kutazama. Anaweza kukaa mbele ya mzinga mmoja mpaka chai ikapoa.

"Mwalimu," akaniita, "hebu nisaidie hesabu. Siku ile Tihomir alipopiga picha, kulikuwa na majua mangapi?"

"Unataka kusema nini, Kaka Spas?"

"Mimi sitaki kusema, naangalia tu. Kivuli cha mnara kinakwenda kule ilikokuwa mizabibu. Hiyo ni asubuhi. Kivuli cha nyumba ya Manol kinakwenda mtoni. Hiyo ni jioni. Mnara uko asubuhi, nyumba iko jioni, na kati yao hatua arobaini." Akakunja jarida. "Halafu kwenye kamba kuna shuka zimeanikwa. Nani anafua kule, samaki?"

Muuza duka alicheka hadi akaegemea friji. Mimi sikucheka.

"Umemwambia Nedelya?" nikamuuliza.

"Miaka sitini nimemwambia. Safari hii nimeshindwa. Jana alipita hapa na kile kigari chake, akanionyesha ulimi kama msichana wa shule. Sijamwona na uso ule tangu nikiwa mtoto. Mwambie wewe, wewe ndiye uliyemchapia."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Tihomir. Alikuwa juu ya ngazi anafunga taa.

"Nilikuandikia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Niliandika kwa mkono wangu, picha mbili."

"Najua. Nilifuta."

Akashuka. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia aibu zaidi. "Mwalimu, toleo lijalo ni Desemba. Tunaweka mstari mdogo kule nyuma, chini ya mapishi. Hakuna atakayekasirika."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nitasema gari limeharibika. Kisha mvua zitanyesha, maji yatapanda, mambo yatakwisha yenyewe."

Nilishawishika, siwezi kuficha. Nilisimama pale nikaipima ile njia: gari bovu, mvua, Desemba, mapishi. Shangazi angekufa na furaha yake, nami ningebaki na jina langu. Kisha nikakumbuka kidole gumba kinavyosugua mlango. Tungemwibia huyu mama mara mbili, mara ya kwanza kwa picha, mara ya pili kwa ukimya.

"Nipe picha zote mbili," nikamwambia. "Ya zamani peke yake na mpya peke yake, kabla hujazigusa. Nitazichapa ubavu kwa ubavu, na masahihisho yatatoka kesho, sio Desemba. Karatasi ya peke yake, kwa ukubwa uleule, kila nyumba iliyopata jarida ipate na hiyo."

Jioni nikaketi kuandika. Mstari wangu wa kwanza ulisema "kutokana na hitilafu ya kiufundi." Niliutazama ule mstari nikaona aibu. Hitilafu gani ya kiufundi? Kidole changu kilikuwa kizima. Nikafuta. Wa pili ulisema "huenda baadhi ya wasomaji walidhani," kana kwamba kosa ni la waliodhani. Nikafuta na huo. Mara ya sita ikatoka hivi:

"MASAHIHISHO. Picha ya ukurasa wa kwanza wa toleo la Oktoba haionyeshi Yasenovo kama ilivyo leo. Imetengenezwa kwa kuunganisha picha mbili: moja ya mwaka 1958, nyingine ya Septemba mwaka huu. Kanisa, tope na mlima ni vya leo. Nyumba zote, mabaraza, nguo na moshi ni vya 1958. Hakuna nyumba iliyosimama. Mpiga picha alieleza hivyo kwa maandishi; mhariri aliyafuta maelezo yake. Kosa ni la mhariri peke yake, naye anaomba radhi. Picha zote mbili, bila kuguswa, ziko hapa chini. Evdokia Tsankova, mhariri."

Sentensi ya "Hakuna nyumba iliyosimama" niliiandika na kuitoa, nikaiandika tena. Hiyo ndiyo ilikuwa ya Nedelya.

Ndipo nikafungua ile picha mpya, safi, ili niiweke chini ya maandishi. Kwa mara ya kwanza niliiona bila nyumba. Ilikuwa tope la kijivu lililopasukapasuka, mistari ya misingi, mnara ulio wazi juu, ukimya mtupu. Nikaona jinsi ilivyo nzuri, na kwamba sikuwa nimeitazama hata kidogo, kwa kuwa niliipata ikiwa tayari imefunikwa. Nikaikuza, nikatafuta daraja, nikahesabu: moja, mbili, tatu. Pale Tihomir alipobandika nyumba ya Manol palikuwa na doa la kijani.

Nikaikuza zaidi. Halikuwa doa la rangi. Lilikuwa jani. Majani mabichi, utepe mwembamba unaoanzia kwenye msingi wa nyumba ya tatu na kuteremka hadi mtoni, kwenye bonde zima ambalo halikuwa na jani lingine. Nikampigia Tihomir.

"Hapo pa kijani ni nini?"

"Nilidhani ni uchafu wa lenzi," akasema. "Nyumba ililifunika vizuri, sikulifikiria tena."

Asubuhi, kabla ya kubandika karatasi yoyote popote, nikaenda kwa Shangazi Nedelya. Niliona si haki asome kwenye ubao wa kijiji jambo ambalo ningeweza kumwambia usoni. Alikuwa ameshatoa koti lake jeusi la sikukuu, limetundikwa mlangoni kwa ajili ya Jumamosi, na mezani kulikuwa na unga wa mkate wa kuwapokea wajukuu.

Nikamsomea masahihisho yote, nikiwa nimesimama. Nilipofika "hakuna nyumba iliyosimama" nikarudia tangu mwanzo wa sentensi.

Aliukanda ule unga, akaukanda, mpaka nikadhani hakusikia.

"Ulijua siku ile nilipokuja?" hatimaye akauliza.

"Nilijua."

"Ukanipa kahawa."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ilikuwa kahawa mbaya." Akafuta mikono. Macho yake yalikuwa makavu. "Basi baba yangu alinidanganya. Spas alibeba vigae kweli. Miaka sitini na mitatu namwita yule mtu mwongo mbele za watu."

"Alikuandikia ukiwa mgonjwa. Alitaka upone."

"Nilipona! Nilipona ili nirudi!" Alipiga meza, unga ukaruka. "Ungeniachia tu, Evdokia. Ungechelewa wiki moja. Wazee hufa ghafla, usingejua."

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikulipanga, na yeye akanitazama kwa hasira mpaka nikamaliza. Kisha nikamwekea mbele ile picha ya Septemba, safi, na kumwonyesha doa la kijani kwa ncha ya kalamu.

"Hii nayo sijui ni nini," nikasema. "Sitaki kukuambia nisichokijua. Lakini ipo, haijabandikwa na mtu, na iko kwenu."

Akavaa miwani. Akavua, akaifuta na aproni, akavaa tena. Mkono ukampanda mdomoni.

"Mlango ulikuwa hapa," akanong'ona. "Ukiingia uani, hatua saba mkono wa kushoto. Evdokia. Pale palikuwa na maji yetu."

Karatasi nilizibandika mchana. Hapa kwetu, ukitaka jambo lisomwe unalipeleka kwenye ubao wa tanzia kando ya kituo cha basi, maana hapo kila mtu husimama kuona nani ameondoka. Mchapaji aliniwekea fremu nyeusi kwa mazoea, kwa hiyo watu watatu walinipa pole na mmoja aliuliza mazishi ni saa ngapi. Wengine walisoma kimya. Yule wa Burgas alinipigia na kunitukana, kisha akapiga tena kuniuliza kama kanisa angalau ni la kweli. Nikamwambia kanisa ni la kweli. Kaka Spas aliisoma mpaka jina langu chini, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake.

Nilidhani safari ya Jumamosi imekufa. Nedelya alinitumia ujumbe kupitia jirani: gari liondoke saa mbili kamili, na mhariri awemo.

Tukaenda magari manne. Yordanka alikuja akiwa amenuna, na wajukuu wawili wakubwa waliosoma masahihisho kwenye simu zao wakiwa uwanja wa ndege. Waliyasogeza mawe ya barabarani kwa mikono. Kaka Spas alikuwepo bila kualikwa, na fimbo ndefu ya kupimia tope. Pale gari lilipoishia, wajukuu walimweka bibi yao kwenye kiti cha jikoni wakakinyanyua, mmoja huku mmoja kule, na Spas akatangulia akigonga ardhi kila hatua.

Sijui nisemeje nilivyojisikia kushuka mle. Niliogopa, na niliogopa kwa furaha. Tulikuwa tunatembea mahali ambapo karibu maisha yangu yote palikuwa chini ya mita kumi na tano za maji. Maganda meupe ya kome yalilia chini ya viatu. Mawe ya Mtaa wa Chini yalikuwa bado yamepangwa, na juu yake mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, safi kana kwamba mkokoteni wa mwisho umepita juzi. Mnara ulisimama juu yetu bila paa, na angani ndani yake kulikuwa na ndege wanazunguka. Watu ishirini na zaidi, na hakuna aliyepaza sauti. Hata wajukuu wale wa Ujerumani, ambao njiani walikuwa na vipokea sauti masikioni, walivitoa wenyewe.

Misingi ya nyumba ilikuwa inafika magotini. Matofali ya udongo ya ghorofa za juu yalikuwa yameyeyuka siku nyingi yakawa tope hilohilo tulilokanyaga. Kwa nyumba ya tatu kulibaki mawe ya pembe nne, na kizingiti: jiwe moja pana lililolika katikati kwa miguu ya watu.

"Nishusheni," Nedelya akasema.

Akasimama juu ya kizingiti cha baba yake, Yordanka amemshika kiwiko upande mmoja na mimi upande wa pili. Mbele yake hakukuwa na mlango wala dirisha wala baraza. Alitazama mahali pote pale patupu, taratibu, kama anayesoma majina. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nyamazeni," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea.

Tukasikia. Sauti ndogo sana, ya kitu chembamba kinachoanguka juu ya jiwe. Spas alikuwa wa kwanza kwenda. Hatua saba mkono wa kushoto, akapiga magoti kwenye yale majani, akaondoa tope kwa vidole, kisha kwa kofia. Kukatokea kidomo cha jiwe kilichochongwa, kinene kama mkono wa mtoto, na kutoka humo maji, uzi wa maji, yanang'aa, hayakatiki.

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nikijaribu kuelewa, na akili yangu ya hesabu ilikataa. Lile bomba la chemchemi halikuwa limeanza leo. Lilikuwa likitoa maji siku ile ziwa lilipolifikia, na kesho yake, na mchana na usiku, maji yakimiminika ndani ya maji, samaki wakipita, barafu ikifunga juu, mimi nikikua, nikisomesha, nikistaafu, na kule gizani bila sikio lolote la kulisikia likaendelea kumimina. Miaka sitini na mitatu. Mmoja wa wajukuu alikuwa analia waziwazi, na hakujifuta.

"Na maji ya uani bado yanatoka," Nedelya akasema. Aliyasema bila kututazama, kwa sauti ya mtu anayerudia barua.

Tukamfikisha kwenye maji. Spas alikuwa bado amepiga magoti, akakusanya maji kwa viganja vyake viwili vyenye tope, akayamwaga, akakusanya tena mpaka yakawa safi, akamwinulia.

"Kunywa, Nedelya."

Akanywa mikononi mwa Spas. Kisha akaiweka ile mikono chini ya kidevu chake akaishikilia hapo kidogo.

"Vigae ulibeba wewe," akamwambia.

"Nilibeba. Nilikuwa na miaka kumi. Baba yako alinipa njugu za walnati mfuko mzima nisikwambie kamwe. Nikala walnati, halafu nikakwambia."

Nedelya alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na Yordanka akamkumbatia. Tihomir aliinua kamera akanitazama kuomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa, kwamba piga. Alipiga mara moja tu.

Tulikaa hapo mpaka jua likapita mnara. Kila mtu alikunywa. Tulipokuwa tunamrudisha kwenye kiti, Shangazi alinivuta mkono.

"Ile karatasi yako," akasema. "Desemba unaichapa tena kwenye jarida?"

"Ukurasa wa kwanza, Shangazi. Mahali palepale."

"Basi toa kalamu. Na mimi nina masahihisho."

Nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya orodha ya abiria, nikitumia mgongo wa Spas kwa kukosa meza. Alisema neno kwa neno, akisubiri nimalize kila moja, na nimeyachapa kama yalivyo, chini ya yangu, kwa herufi zilezile:

"Mimi Nedelya Manolova nimesema miaka sitini na mitatu kwamba nyumba yetu imesimama chini ya maji. Haikusimama. Spas alisema kweli nami nilimwita mwongo, namwomba radhi. Baba yangu aliniandikia mambo mawili. La kwanza aliliandika ili nipone. La pili nimelinywa."

Nikamsomea. Akafikiri, midomo ikitembea.

"Ongeza kwamba maji ni baridi," akasema. "Watu wajue nilikuwepo."

Nikaongeza.